Kwa nini poliasetilini si metali: uchague maelezo yapi kati ya matatu?

Utando wa poliasetilini, polima ya minyororo mirefu ya kaboni yenye hidrojeni moja kwa kila kaboni, unang'aa kama sufuria iliyotoka kusuguliwa. Mwaka 1967, katika maabara ya Hideki Shirakawa kwenye Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo, kichocheo kilitiwa karibu mara elfu moja ya kipimo kilichokusudiwa, na badala ya unga uliozoeleka pakaganda ngozi yenye mng'ao. Kwa macho ungeapa ni metali. Kwa mita hadithi ni nyingine. Upitishaji umeme wa poliasetilini safi ya umbo la trans ni karibu 10⁻⁵ S/cm, na wa shaba ni karibu 6 × 10⁵. Shaba inaipita kwa zaidi ya mara bilioni kumi.

Nikiwauliza wanafunzi sababu, jibu la kwanza huwa lilelile: "Kwa sababu bondi zake zinapokezana, fupi na ndefu." Si uongo, ila ni jibu linalozunguka mti bila kuupanda. Kila kaboni kwenye mnyororo huu ina jirani wawili wanaofanana na elektroni moja iliyobaki ya kugawana nao. Kwa nini isiwagawie sawa kwa sawa, bondi zote zikawa na urefu mmoja, kama zilivyo kwenye benzini? Zingekuwa hivyo, hesabu rahisi inasema tungepata metali.

Kuna maelezo matatu yanayotumika, na anayeandaa semina, somo au mradi hukwama hapo: lipi alishike? La kwanza ni mnyororo wenye bondi sawa, yaani hesabu ya Hückel bila nyongeza. La pili ni mpindo wa Peierls, hasa kwa sura waliyoipa Su, Schrieffer na Heeger mwaka 1979, inayoitwa modeli ya SSH. La tatu linaanza na elektroni zinazosukumana, kwa njia ya Hubbard na jamaa zake.

## Vipimo vya kulinganishia

Nitayapima yote matatu kwa mambo manne. Kwanza, je, maelezo yanatoa pengo la nishati, yaani nafasi kati ya hali zilizojaa elektroni na zilizo tupu, na yanasema limetoka wapi? Pili, yanasemaje kuhusu urefu wa bondi? Hapa tuna kipimo cha kuaminika: mwaka 1983 Yannoni na Clarke walitumia mwangwi wa sumaku wa viini vya kaboni wakapata 1.36 Å kwa bondi fupi na 1.44 Å kwa ndefu, tofauti ya 0.08 Å. Tatu, yanalinganaje na mwanga? Poliasetilini ya trans huanza kufyonza mwanga karibu na 1.4 eV na kufikia kilele karibu na 1.9 eV. Nne, yanakudai kazi kiasi gani: kalamu, kompyuta ya mapajani, au wiki nzima ya kompyuta kubwa?

## Mnyororo wenye bondi sawa

Pengo. Hakuna. Panga atomu kwa umbali `a`, ruhusu kila elektroni iruke kwa jirani kwa nguvu `t`, nawe unapata ukanda mmoja:

`E(k) = −2t·cos(ka)`

Ukanda huu unatoka −2t hadi +2t. Kila hali ya wimbi inabeba elektroni mbili na kila atomu imeleta moja, kwa hiyo ukanda unajaa nusu tu. Elektroni ya juu kabisa iko kwenye `k = π/2a`, na hali tupu inayofuata iko juu yake kwa nywele tu. Volti, hata iwe ndogo kiasi gani, itaisogeza. Hiyo ndiyo metali.

Bondi. Zote sawa, kwa sababu tumeziamuru ziwe sawa. Maelezo haya hayaulizi kama mnyororo unapenda kukaa hivyo.

Mwanga. Kwa molekuli fupi yanasaidia kidogo: yanasema mnyororo ukirefuka rangi inasogea kuelekea wekundu, na ndivyo ilivyo. Kisha yanasema usogeaji huo hauna kikomo, pengo litashuka hadi sifuri. Hapo ndipo yanapoanguka. Ukipima molekuli zenye bondi maradufu mbili, nne, nane, kumi na kuendelea, ufyonzaji unashuka halafu unagoma kushuka. Hans Kuhn alishalishughulikia jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1940, akalazimika kuweka mawimbi kwenye nishati ya mnyororo ili hesabu ikubaliane na rangi.

Kazi. Dakika kumi na kalamu.

Yanamfaa anayefundisha ukanda wa nishati kwa mara ya kwanza, na yeyote anayehitaji kuonyesha kitu ambacho poliasetilini *ingekuwa*. Usiyadharau: bila picha hii, maelezo ya pili hayana pa kusimama.

## Mpindo wa Peierls na modeli ya SSH

Pengo. Chora atomu nane kwa mstari na uangalie wimbi la ile elektroni ya juu kabisa. Urefu wake ni atomu nne, kwa hiyo alama zake zinaweza kukaa kwa namna mbili:

```
atomu:   1 2 3 4 5 6 7 8
wimbi A: + + − − + + − −
wimbi B: + − − + + − − +
```

Kwenye A, atomu 1 na 2 zina alama moja, kwa hiyo elektroni inazivuta pamoja, wakati kati ya 2 na 3 alama zinapingana na elektroni inazitenga. Kwenye B mambo yamegeuka: 2 na 3 zinavutana, 1 na 2 zinatengana. Bondi zikiwa sawa, mvuto na utengano vinafutana, A na B zina nishati moja. Sasa sogeza atomu kidogo, 1 ikaribie 2, 3 ikaribie 4, na kuendelea. Wimbi A linashuka kwa sababu bondi zinazovutana zimefupika. Wimbi B linapanda kwa kiasi hichohicho. Elektroni zinakaa kwenye A, B inabaki tupu, na katikati pamefunguka pengo. Mnyororo umejipatia nafuu kwa kujikunja.

Hapo ndipo wengi wanapouliza swali la maana: kusogeza atomu si kunagharimu? Kunagharimu. Bondi ya chini, ile ya sigma, ni kama springi, na gharama yake inakua kwa mraba wa msogeo `u`. Rudolf Peierls alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba kwenye mnyororo wa mwelekeo mmoja nafuu ya elektroni inakua kwa `u²·ln(1/u)`. Ile logi ndiyo inayoamua kesi. Kwa `u` ndogo vya kutosha, logi inakuwa kubwa kuliko ugumu wowote wa springi, kwa hiyo mnyororo sawa hauwezi kutulia. Chanzo chake ni kwamba si wimbi la juu pekee linaloshuka. Yote yaliyo jirani nalo yanashuka pia, kila moja kidogo kuliko lililotangulia.

Tuweke namba. SSH walitumia `t` = 2.5 eV, nguvu ya kuathiriana kati ya elektroni na msogeo `α` = 4.1 eV/Å, na ugumu wa springi `K` = 21 eV/Å². Bondi fupi inapata `t₁ = t + 2αu`, ndefu `t₂ = t − 2αu`, na pengo ni `2(t₁ − t₂) = 8αu`. Gharama ya springi kwa kila kaboni ni `2Ku²`. Msimbo huu unatosha:

```python
import numpy as np
t, a, K = 2.5, 4.1, 21.0
k = (np.arange(4000) + 0.5)/4000*np.pi - np.pi/2
for u in np.arange(0, 0.071, 0.01):
    E = np.sqrt((2*t*np.cos(k))**2 + (4*a*u*np.sin(k))**2)
    print(round(u, 2), round(-E.mean() + 2*K*u*u, 4))
```

Ukilinganisha kila mstari na ule wa `u` = 0, utaona nishati inashuka kwa karibu 0.008 eV kwenye 0.02 Å, kwa 0.013 eV kwenye 0.04 Å, kisha inaanza kupanda: kwenye 0.06 Å nafuu imebaki 0.005 eV, na kwenye 0.07 Å mnyororo tayari uko kwenye hasara. Bonde la nishati liko karibu na 0.04 Å. Pale chini elektroni zimeokoa karibu 0.080 eV kwa kila kaboni na springi imekula karibu 0.067 eV. Kilichobaki ni ile 0.013, ndogo kweli, nusu ya nishati ya joto la chumbani. Pengo linatoka 8 × 4.1 × 0.04, yaani karibu 1.3 eV.

Udogo wa 0.013 usikutishe ukadhani joto la mchana litaunyoosha mnyororo. Huwezi kunyoosha kaboni moja peke yake. Lazima uende na nyingi kwa pamoja. Makadirio ya kawaida ya joto la kuufuta mpindo kwa pengo la 1.4 eV yanazidi 4000 K, na polima yenyewe itakuwa imeharibika zamani. Kuna vitu vingine vya mnyororo ambavyo mpito wake unaonekana kabisa maabara, kwa mfano oksidi ya molibdeni yenye potasiamu iitwayo "shaba ya buluu", ingawa haina shaba ndani, inayogeuka kutoka metali kuwa kihami karibu na 180 K. Poliasetilini haitakupa maonyesho hayo.

Na benzini je? Ina kaboni sita tu, na kati ya hali zake zilizojaa na zilizo tupu kuna nafasi ya `2t`. Hakuna umati wa mawimbi karibu na mpaka, kwa hiyo logi haina chakula, springi inashinda, bondi zote zinabaki 1.40 Å. Longuet-Higgins na Salem walifuata swali hili mwaka 1959, wakaonyesha kwamba pete kubwa za aina ya benzini nazo zitaanza kupokezana bondi zikifikia ukubwa fulani.

Bondi. Hapa pana mtego. `u` ni msogeo kandokando ya mhimili wa mnyororo, na mnyororo una kona. Bondi imelala kwa nyuzi 30 kutoka kwenye mhimili, kwa hiyo tofauti kati ya bondi ndefu na fupi ni `4u·cos 30°`, yaani karibu 3.5u. Weka 0.04 Å na unapata 0.14 Å. Kipimo kinasema 0.08 Å, sawa na `u` ya 0.023 Å. Kwa hiyo SSH wanapindisha mnyororo kupita kiasi. Nimeona slaidi nyingi zinazolinganisha 0.04 na 0.08 moja kwa moja na kutangaza kwamba "zinatofautiana mara mbili tu kwa sababu ya 2u". Hapana, hivyo si vitu vya aina moja.

Mwanga. Pengo la 1.3 hadi 1.4 eV linakaa pazuri karibu na mwanzo wa ufyonzaji. Lakini fanya jaribio dogo: shika `α` ileile na uweke `u` iliyopimwa, 0.023 Å. Pengo linakuwa karibu 0.75 eV. Karibu nusu ya pengo imepotea. Ama `α` ni kubwa zaidi, ama kuna kitu kingine kinachosukuma, na hilo linatupeleka kwenye maelezo ya tatu.

Kabla ya hapo, sifa moja ya SSH ambayo mengine hayaipati kwa wepesi. Mnyororo wa trans unaweza kupokezana kwa namna mbili, fupi-ndefu au ndefu-fupi, na zote zina nishati moja. Zikikutana katikati ya mnyororo mmoja panakuwa na mshono, unaoitwa solitoni. Si mshono wa atomu moja. Umetandazwa juu ya kaboni kumi na kitu. Unaweka hali moja katikati kabisa ya pengo. Ukiupokonya elektroni unabaki na chaji bila spini. Ndiyo maana poliasetilini iliyotiwa iodini kidogo, jambo ambalo Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walilifanya Chuo Kikuu cha Pennsylvania na kulitangaza mwaka 1977, ilionyesha chaji nyingi na sumaku ya spini kidogo. Upitishaji umeme ulipanda kwa zaidi ya mara milioni, na Nobel ya kemia ikawafikia mwaka 2000. Dawa hiyo, yaani iodini, ikizidi asilimia 6 hivi, tabia ya kimetali inajitokeza. Safi si metali. Iliyotiwa dawa sana inakaribia kuwa.

Kazi. Kurasa mbili za hesabu, au mistari ile sita ya msimbo.

## Elektroni zinazosukumana

Pengo. Hadi hapa kila elektroni imetembea kana kwamba haizioni nyingine. Kwa kweli mbili zikikaa juu ya kaboni moja zinasukumana, na gharama hiyo inaitwa `U`. Rudi kwenye mnyororo wenye bondi sawa na uongeze `U` pekee. Mwaka 1968 Lieb na Wu walilitatua tatizo hilo kikamilifu, na jibu lao linashangaza: elektroni moja kwa kila atomu, mwelekeo mmoja, `U` yoyote iliyo juu ya sifuri, na unapata kihami. Bila kusogeza atomu hata moja. Elektroni zinajipanga moja kwa kila kaboni, na kusafiri kunamaanisha kumkanyaga mwenzio.

Kwa hiyo "si metali" ina sababu mbili, na kila moja ingetosha peke yake. Watu walibishana miaka mingi ni ipi iliyo ya kweli, na kwa muda ilidhaniwa `U` ingeua mpindo wa Peierls. Hesabu za mapema miaka ya 1980 zikaonyesha kinyume: `U` ya wastani inaongeza kupokezana kwa bondi, na inafikia kilele `U` inapokuwa karibu na 4t, kisha inapungua. Sababu si ngumu kuiona. Elektroni zikishakaa moja moja, spini za majirani hupenda kuelekeana kinyume, na mapatano hayo yanakuwa na nguvu zaidi wawili wawili. Atomu zinakaribiana kwa jozi.

Bondi. Ndiyo njia ya kupata 0.08 Å na pengo kamili kwa pamoja: mpindo mdogo unatosha kwa sababu msukumano unabeba sehemu ya mzigo.

Mwanga. Hapa ndipo maelezo haya yanapojilipia. Ushahidi wa kwanza unatoka kwenye molekuli fupi za jamii hiyohiyo. Modeli isiyo na msukumano inasema hali ya kwanza ya msisimko lazima iwe ile inayofyonza fotoni moja kwa nguvu. Mwaka 1972 Hudson na Kohler waligundua, kwenye molekuli yenye bondi maradufu nne katikati na benzini mbili kwenye ncha, kwamba chini yake kuna hali nyingine iliyofichika, isiyofikiwa kwa fotoni moja. Hakuna namna ya kuupata mpangilio huo kwa kusogeza atomu pekee.

Ushahidi wa pili uko kwenye poliasetilini yenyewe. Ukiipiga mwanga mkali wa muda mfupi kisha ukapima inafyonza nini kipya, zinatokea kilele mbili, moja karibu na 0.45 eV na nyingine karibu na 1.35 eV. Ya kwanza inahesabiwa kuwa ya solitoni zenye chaji, ya pili ya zisizo na chaji. SSH ingeziweka zote mahali pamoja, nusu ya pengo, karibu 0.7 eV. Umbali kati ya kilele hizo ni alama ya msukumano, iliyoandikwa kwa herufi kubwa.

Kazi. Nyingi. Huwezi tena kujaza mawimbi moja moja. Kwa mnyororo wa atomu kumi na mbili kompyuta ya mapajani inatosha kutatua Hubbard kikamilifu, ukipita hapo idadi ya hali inalipuka na unahitaji mbinu maalumu. Na `U` haipimwi kwa rula. Kila mwandishi ana yake.

## Tahadhari kwa wanaotumia programu kubwa

Wapo wanaosema, "Mimi nitaiachia programu ya kwanta iamue." Sawa, lakini programu nayo imechagua upande bila kukuuliza. Mbinu za kawaida za msongamano wa elektroni zinatoa kupokezana kudogo mno na pengo dogo mno. Mbinu nyingine, ya Hartree-Fock, inakosea upande wa pili: bondi zinapokezana kupita kipimo na pengo linakuwa kubwa mno. Mchanganyiko wa hizo mbili unaangukia katikati, na mahali hasa panategemea umechanganya kiasi gani.

Kosa la mwanzoni ni baya zaidi, na niliwahi kulifanya mwenyewe. Nilianza na bondi zote 1.40 Å, nikaiambia programu itafute umbo tulivu. Ikarudi haraka sana: nguvu sifuri kila mahali, kazi imekamilika, metali. Nilishinda siku mbili nikiandika kuhusu "metali" hiyo. Kumbe nguvu zilikuwa sifuri kwa sababu ya ulinganifu tu, kama mpira uliosimamishwa juu ya kilele cha kilima. Dawa yake ni kusogeza kaboni moja kwa 0.01 Å kabla ya kuanza, kuzima ulinganifu, na kuweka nukta nyingi za `k` karibu na mpaka wa ukanda. Zikiwa chache, ile logi haionekani na mnyororo unanyooka kwa uongo.

Wanaotumia pete ndogo wachague idadi ya atomu ya aina 4n+2, kama 10 au 14. Pete ya 8 inaacha hali mbili sawasawa kwenye mpaka zikiwa na elektroni mbili, na itajipinda kwa nguvu kubwa kwa sababu isiyo ya Peierls. Mnyororo wenye ncha wazi nao unaanza kupokezana kutoka kwenye ncha, kwa hiyo soma katikati yake tu.

## Nani achukue lipi

Kama una kipindi kimoja cha dakika arobaini mbele ya wanafunzi wa mwaka wa pili, anza na mnyororo sawa ubaoni, kisha chora wimbi A na wimbi B na usogeze atomu. Usiguse `U`. Picha ile ya alama za kujumlisha na kutoa itabaki kichwani kuliko fomula.

Kama swali lako linahusu upitishaji umeme baada ya kutia iodini, au mishono na chaji zake, SSH ndiyo lugha utakayoisoma kwenye makala nyingi, na kuikwepa ni kujichosha. Sema tu wazi kwamba `α` na `K` zilichaguliwa ili zitoe pengo linalojulikana, na kwamba bondi zake zimepinda kuliko zilivyopimwa.

Kama data yako ni ya mwanga, hasa spektra za molekuli fupi au vipimo baada ya mpigo wa leza, SSH peke yake itakuangusha mbele ya mtahini. Chukua Hubbard pamoja na mpindo, hata kwa molekuli wazi ya kaboni nane au kumi tu, uonyeshe hali iliyofichika ikishuka unapoongeza `U`.

Kama unatafuta urefu wa bondi kwa ajili ya polima mpya, tumia programu yenye mchanganyiko, lakini ipime kwanza kwenye poliasetilini. Ikikupa tofauti iliyo mbali na 0.08 Å, jua inaegemea upande gani kabla hujaipeleka kwenye polima ambayo hakuna aliyeipima.

Na kama mtu amekuuliza tu njiani kwa nini kitu kinachong'aa hivi hakipitishi umeme, mwambie mng'ao unatokana na kufyonza na kurudisha mwanga kwa nguvu karibu na 1.9 eV, ambako kuna hali tupu za kutosha. Mkondo wa umeme unatafuta hali tupu karibu kabisa na elektroni ya juu, na pale kwenye poliasetilini hakuna kitu hadi 1.4 eV.